Mgonjwa wa figo ameshuka presha saa moja na nusu baada ya seftriaksoni: je, kweli ni endotoksini?

#1 Zamu ya Usiku

Habari zenu wakuu. Naomba tujadili kisa ambacho kimenikaa kichwani.

Mama wa miaka 46 alifika wodini kwetu saa 4:20 asubuhi akiwa na maumivu ya kiuno upande wa kulia, homa ya siku mbili na mkojo wenye harufu kali. Wakati wa kumpokea, joto lilikuwa 38.4, mapigo ya moyo 118 na presha 108/66. Tulichukua damu na mkojo kwa ajili ya kuotesha, kisha saa 5:05 akapewa gramu 2 za seftriaksoni kwenye mshipa na kufunguliwa dripu ya maji ya chumvi. Ilipofika saa 6:40 mchana alianza kutetemeka kwa baridi hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Joto lilipanda hadi 39.9 na presha ikashuka hadi 82/44. Kilichonishangaza ni kwamba viganja vyake vilikuwa vya moto na vyekundu, wakati mimi nilitarajia mtu aliyeshuka presha awe na mikono ya baridi.

Daktari wa zamu alituambia kwamba dawa imewapasua bakteria na sumu iliyo kwenye ganda lao imemwagika kwenye damu. Majibu ya maabara yalionyesha E. koli kwenye mkojo na kwenye damu. Mama huyo alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi na hatimaye alipona.

Swali langu ni hili: je, maelezo yale ni sahihi? Na kama ni sahihi, kwa nini tunasisitiziwa kuwahi kutoa dawa ambayo yenyewe inaweza kumuangusha mgonjwa?

#2 Chipukizi wa Tiba

Daktari wenu alikuwa sahihi kabisa. Bakteria wa gramu hasi ana utando wa nje uliojaa lipopolisakaridi, na hiyo ndiyo endotoksini iliyogunduliwa na Robert Koch. Bakteria akiwa hai sumu hiyo imefungwa ndani yake, akipasuka inatoka na kwenda kuharibu mishipa ya damu moja kwa moja. Kosa lilikuwa ni kuchagua seftriaksoni. Mngempa meropenemu, ambayo haipasui bakteria kwa namna hiyo, presha isingeshuka.

#3 Darubini

Ndugu Chipukizi, umeshika upande mmoja wa jambo, ila kuna mambo ya kurekebisha.

Aliyeitambua endotoksini ni Richard Pfeiffer, mwaka 1892, akifanya kazi katika taasisi ya Koch mjini Berlini. Aliwaua bakteria wa kipindupindu kwa joto, akawadunga wanyama, na wanyama wakafa ingawa hapakuwa na bakteria hata mmoja aliye hai. Ndipo akasema kuna sumu ambayo ni sehemu ya mwili wa bakteria na ambayo haiharibiwi na joto.

Pia lipopolisakaridi haikufungwa ndani. Imepangwa kwenye uso wa nje wa utando wa nje, molekuli kama milioni moja au mbili kwa kila E. koli, na ayoni za magnesiamu na kalsiamu ndizo zinazozishikanisha molekuli hizo. Upande unaotazama nje una minyororo mirefu ya sukari, na upande uliozama kwenye utando ni mafuta yanayoitwa lipidi A. Sehemu inayoleta homa ni hiyo lipidi A. Bakteria aliye hai naye hudondosha vipande vya utando huo kila siku anapokua, kama vipovu vidogo sana, kwa hiyo si lazima apasuke ndipo lipopolisakaridi ipatikane kwenye damu.

Jambo kubwa zaidi ni hili la kuharibu mishipa moja kwa moja. Lipidi A haikati protini yoyote wala haitoboi seli. Kinachotokea ni kwamba mwili unaitambua. Kuna protini ya damu inayoichomoa kutoka kwenye utando na kuikabidhi kwa CD14, protini iliyo juu ya monositi, yaani seli nyeupe za kinga, na CD14 inaipeleka kwa MD-2 iliyoshikana na kipokezi TLR4. Lipidi A ya E. koli ina mikia 6 ya mafuta. Mikia 5 inaingia kwenye mfuko wa MD-2, na ule wa 6 unabaki nje na kuivuta TLR4 ya pili iungane na ya kwanza. Zikishaungana, ndani ya seli jeni za TNF, intalukini 1 na intalukini 6 zinafunguliwa, na kuanzia hapo ni hizo saitokini za mgonjwa mwenyewe, yaani protini za kuamsha kinga, zinazofanya kazi.

Dada Zamu, hapo ndipo penye jibu la viganja vya moto. Saitokini zinaufanya ubongo, eneo la haipothalamasi, utengeneze prostaglandini E2, na kiwango cha joto ambacho mwili unakitafuta kinapandishwa. Mwili wenye 38.4 unaoagizwa ufike 40 unajiona una baridi, kwa hiyo misuli inatetemeka. Wakati huohuo kuta za mishipa zinatengeneza oksidi ya nitriki kwa wingi, mishipa inalegea, damu inatawanyika hadi kwenye ngozi, na presha inashuka ingawa moyo unasukuma kwa nguvu. Baadaye, maji ya damu yakishavuja sana na moyo ukichoka, ndipo mikono inapokuwa ya baridi.

#4 Kiwandani

Salaam. Mimi nafanya kazi ya udhibiti wa ubora kwenye kiwanda cha dawa za sindano, na naona wote mmeruka jambo moja: dripu. Saa moja na nusu baada ya kufungua chupa ni muda unaofanana sana na homa ya maji yenye endotoksini. Watu wengi hudhani kwamba chupa ikishapita kwenye otoklevu ni salama. Otoklevu ya nyuzi 121 inaua bakteria, lakini maiti zao na lipopolisakaridi zao zinabaki humo humo. Vichujio vya kuzuia bakteria navyo haviizuii. Sisi vyombo vya kioo tunavichoma kwenye tanuri la hewa kavu kwa nyuzi 250, angalau dakika 30, ndipo endotoksini iharibike.

Kikomo kinachokubalika kwa dawa za mshipani ni yuniti 5 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa saa, na kwa dawa za kuingia kwenye uti wa mgongo ni 0.2 tu. Tunapima kwa dondoo la seli za damu ya yule mnyama wa baharini mwenye gamba la umbo la kwato, ambalo huganda likikutana na endotoksini kidogo mno.

#5 Ngalawa

Kiwandani, mnyama huyo tunamvua hapa pwani? Nipo Tanga na nina nyavu tayari.

#6 Kiwandani

Hapana, ndugu Ngalawa, nyavu zako ziendelee na samaki. Mnyama huyo anapatikana pwani ya mashariki ya Marekani na kusini mashariki mwa Asia, huku kwetu hayupo.

Dada Zamu, naomba utujibu: je, wagonjwa wengine waliotumia chupa za toleo lilelile walitetemeka? Endotoksini ya dripu haichagui mgonjwa. Ingekuwa ni chupa, mngeona wawili watatu siku hiyohiyo, na wengi wao homa ingepoa ndani ya saa chache baada ya kuifunga.

#7 Mwana Mpwapwa

Naomba na mimi nitoe la kwangu, kwa sababu nimeliona kwa macho. Utotoni niliugua homa ya papasi, ile ya kuumwa na papasi wa nyumba za udongo. Nilipigwa sindano ya dawa asubuhi, na kabla ya mchana nilitetemeka vibaya kuliko siku zote za ugonjwa, hadi bibi yangu akakataza nisipigwe tena. Mganga wa zahanati akasema vijidudu vinakufa vyote kwa mpigo na vinatema sumu. Kwa hiyo ninamuunga mkono daktari wa kwenye uzi huu, endotoksini ya vijidudu waliokufa ipo na inatikisa mtu.

#8 Darubini

Pole sana, Mwana Mpwapwa. Kisa chako ni cha kweli na kinajulikana vizuri, ila hakiwezi kuwa ushahidi wa endotoksini. Borelia wanaoleta homa ya papasi hawana lipopolisakaridi. Wana utando wa nje, lakini umejaa lipoprotini, na mwili unazitambua kwa kipokezi kingine. Kinachofanana ni mwisho wa njia, yaani TNF inapanda ghafla. Kuna utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1996 juu ya homa ya aina hiyo inayoenezwa na chawa: wagonjwa walipewa kingamwili dhidi ya TNF kabla ya penisilini, na kutetemeka huko kukapungua. Kwa hiyo maelezo ya "vijidudu vimekufa kwa mpigo" ni sahihi kwako. Kama ni sahihi kwa mgonjwa wa figo ni swali jingine.

Nina shaka, na sababu yangu ni hesabu. Mtu mzima mwenye E. koli kwenye damu mara nyingi hana zaidi ya bakteria 10 hai katika kila mililita 1. Tuchukue hao 10, na lita 5 za damu: ni bakteria 50,000. Kila mmoja ana lipopolisakaridi ya uzito wa femtogramu 20 hivi. Tukiwapasua wote kwa sekunde moja tunapata nanogramu 1 kwa mwili mzima. Sasa linganisha na watu wazima wenye afya wanaojitolea kudungwa endotoksini safi kwenye utafiti. Dozi ya kawaida ni nanogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo, yaani hadi nanogramu 280 kwa mtu wa kilo 70. Baada ya saa moja hivi wanapata baridi, kichwa na mwili vinauma, homa inafika kileleni kwenye saa ya 3 au ya 4, na jioni wanakwenda nyumbani. Iwapo nanogramu 280 zinaleta homa ya siku moja, nanogramu 1 haiwezi kuangusha presha hadi 82.

#9 Chipukizi wa Tiba

Basi endotoksini haileti mshtuko, yaani presha kuanguka hadi viungo vikose damu, hata kidogo? Mbona vitabu vyote vinasema inaleta?

#10 Daktari wa Mahututi

Inaleta, ndugu Chipukizi, tena peke yake, bila bakteria. Mwaka 1993 kilichapishwa kisa cha mfanyakazi wa maabara aliyejidunga mwenyewe miligramu 1 ya endotoksini ya Salmonela akitarajia kutibu uvimbe wa saratani. Alipata kila kitu tunachokiona wodini: presha ilianguka, moyo ukawa unasukuma damu nyingi kupita kawaida kwenye mishipa iliyolegea, mapafu yalijaa maji na mfumo wa kugandisha damu ukavurugika. Alipona baada ya kuhudumiwa chumba cha mahututi. Miligramu 1 ni zaidi ya mara 3,500 ya dozi ya wale wanaojitolea. Kwa hesabu ya Darubini, ni lipopolisakaridi ya bakteria bilioni 50. Kwa hiyo swali halisi ni kama mama huyu alikuwa na mahali pa kuweka idadi inayokaribia hiyo. Kwenye damu hapakuwepo. Kwenye figo iliyojaa usaha panaweza kuwepo.

Sasa tazameni namba za saa 4:20, kabla ya dawa yoyote. Mapigo 118, presha ya juu 108. Mapigo yakishaipita presha ya juu, mgonjwa huyo ameshaanza kuzama, hata kama 108 kwenye karatasi inaonekana nzuri. Ninaamini mshtuko ulikuwa njiani, na seftriaksoni ilikutana nao barabarani. Ugonjwa wenye kasi hiyo ungemfikisha kwenye 82/44 mchana ule hata kama asingepewa kitu.

Dada Zamu, je, alipigwa ultrasaundi? Na lakteti, ile inayopanda kwenye damu viungo vikikosa damu ya kutosha, ilikuwa ngapi?

#11 Zamu ya Usiku

Asanteni sana. Kiwandani, chupa za toleo lile zilitumika kwa wagonjwa wengine wodini na hakuna aliyetetemeka. Vilevile hakuwa na vipele, kuvimba midomo wala kubanwa kifua, kwa hiyo mzio wa dawa tuliuweka kando mapema.

Daktari, lakteti ya kwanza ilipimwa baada ya presha kushuka, ikawa 4.6. Kabla ya hapo haikupimwa. Ultrasaundi ilifanyika jioni ileile, ikaonyesha figo ya kulia imetanuka na kuna jiwe limeziba mrija wa kushusha mkojo. Walimwekea bomba la kutoa mkojo kupitia mgongoni, na usaha ulitoka. Presha ilianza kutulia usiku huo, na noradrenalini, ile dawa ya kupandisha presha, ikapunguzwa kesho yake asubuhi.

#12 Darubini

Hilo linabadilisha mengi. Usaha uliofungiwa nyuma ya jiwe uko chini ya shinikizo, na shinikizo hilo linausukuma mkojo wenye bakteria kurudi kwenye vena za figo. Kila mililita ya mkojo wa namna hiyo inaweza kuwa na bakteria mamilioni, walio hai, waliokufa na vipande vya utando wao, na maabara inahesabu walio hai tu. Hesabu yangu ya nanogramu 1 ilihusu bakteria hai wa kwenye damu. Ghala lenyewe lilikuwa kwenye figo.

#13 Chipukizi wa Tiba

Lakini basi hoja yangu ya meropenemu inarudi. Kama ghala limejaa bakteria bilioni kadhaa, dawa inayowapasua itatoa lipopolisakaridi nyingi zaidi ya isiyowapasua.

#14 Darubini

Kwenye chupa za maabara una hoja. Seftazidimu, ambayo ni jamaa ya karibu ya seftriaksoni, kwa kiwango kidogo inamzuia bakteria kujigawa bila kumzuia kukua. Anakuwa uzi mrefu wenye utando mwingi, kisha anapasuka na kumwaga lipopolisakaridi nyingi. Imipenemu, jamaa ya meropenemu, inamgeuza kuwa duara na anakufa mapema akiwa na utando mdogo, kwa hiyo inayomwagika ni kidogo. Ila tofauti hiyo ilipotafutwa kwa wagonjwa, haikuonekana kwa uthabiti katika presha wala katika vifo. Pia kumbuka figo iliyozibwa inapitisha dawa kidogo sana. Inawezekana kabisa kwamba saa 6:40 bakteria wa kwenye usaha ule walikuwa bado hawajaguswa na seftriaksoni.

#15 Daktari wa Mahututi

Naongeza kwamba bakteria asiyeuawa anaendelea kujigawa na kudondosha vile vipovu alivyovitaja Darubini. Kuchelewesha dawa ili kuepuka mmwagiko wa saa moja ni kumpa bakteria saa nyingine kadhaa za kutengeneza lipopolisakaridi mpya. Hilo ndilo jibu la swali la pili la dada Zamu. Hata kama dawa ilichangia, ilichangia kwa kiasi chenye mwisho.

#16 Ngalawa

Naomba niulize kwa nia ya kuelewa. Kama tatizo ni kipokezi hicho TLR4, kwa nini kisizibwe tu na mgonjwa akae salama?

#17 Daktari wa Mahututi

Kimezibwa, ndugu Ngalawa. Eritorani ni lipidi A ya kutengenezwa yenye mikia 4, inayoingia kwenye mfuko wa MD-2 bila kuiamsha TLR4. Ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 2,000 wenye sepsisi kali, yaani maambukizi yaliyovuruga viungo vya mwili, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Kingamwili dhidi ya TNF, ile iliyosaidia kule Ethiopia, haikufua dafu kwa sepsisi. Maelezo yangu ni ya muda: kwa homa ya papasi au ya chawa unajua saa ambayo tufani itaanza kwa sababu ni wewe unayepiga sindano, kwa hiyo unamkinga mgonjwa kabla. Mgonjwa wa sepsisi anafika TNF ikiwa imeshapanda na pengine imeshashuka.

#18 Darubini

Naheshimu maelezo ya muda, ila sidhani kama yanatosha. Tangu 2014 tunajua kwamba lipopolisakaridi ikiingia ndani ya seli inatambuliwa na vimeng'enya vya kaspasi 4 na 5 bila TLR4 kuhusika, na seli hiyo inapasuka. Eritorani haiugusi mlango huo. Halafu kuna panya wa ukoo wa C3H/HeJ, ambao kundi la Bruce Beutler lilionyesha mwaka 1998 kwamba TLR4 yao ni mbovu. Ukiwadunga endotoksini hawapati mshtuko. Lakini ukiwapa Salmonela hai wachache tu, wanakufa mapema kuliko panya wengine, kwa sababu hakuna kinachowaamsha wapigane. Kipokezi unachotaka kukiziba ndicho kinachowaita askari. Bakteria wa tauni anaitumia nafasi hiyo: akiwa kwenye joto la mwili wa binadamu anatengeneza lipidi A yenye mikia 4, na TLR4 inamuona kwa shida mpaka awe ameshajaa.

#19 Mwana Mpwapwa

Ninawashukuru kwa kunielewesha kuhusu Borelia. Hata hivyo, bado naona muda ni ushahidi mzito. Mama alikaa na homa siku mbili nyumbani bila kuanguka, kisha akaanguka dakika 95 baada ya dawa. Wanaojitolea nao wanaanza kutetemeka baada ya saa moja hivi. Hilo haliwezi kuwa bahati tu.

#20 Daktari wa Mahututi

Si lazima liwe bahati, Mwana Mpwapwa. Watu huja hospitali siku ile hali inapokuwa mbaya, kwa hiyo dawa ya kwanza na kuanguka kwa presha vinakutana mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ila siwezi kukukatalia kabisa, kwa sababu hapakuwa na lakteti ya saa 4:20 wala presha ya kila dakika 15 kati ya saa 5:05 na saa 6:40. Kama presha ilikuwa inashuka taratibu tangu alipofika, mimi ndiye niliye karibu na ukweli. Kama ilikaa kwenye 108 saa nzima kisha ikadondoka, hoja yako inapata nguvu.

#21 Zamu ya Usiku

Nimerudi kwenye faili. Kuna kipimo kimoja tu cha katikati: saa 5:50, presha 101/58, mapigo 124. Je, endotoksini yenyewe ingeweza kupimwa kwenye damu yake ili tujue?

#22 Kiwandani

Kipimo chetu cha kiwandani kinafaa kwa maji na dawa. Damu ina protini zinazoifunika lipopolisakaridi na nyingine zinazoligandisha dondoo zenyewe, kwa hiyo namba utakayopata haitakuwa ya kutegemewa. Pia hata ukiikuta, haitakwambia imetoka kwenye usaha au kwa bakteria waliopasuliwa na dawa.

#23 Daktari wa Mahututi

101/58 na mapigo 124 ni mteremko, si mdondoko.

#24 Mwana Mpwapwa

Daktari, mteremko wa dakika 90 za kwanza, tangu saa 4:20, ni pointi 7, na wa dakika 50 zilizofuata ni pointi 19. Kuna kitu kiliongezeka katikati hapo, na bado hamjanitajia ni kipi.